Msaada wa Jakobiani: eneo la haipabola nne, grupu letu lina majibu matatu

Kijana wa Dabo Intigrali
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili, kuna swali la kalkulasi limetugawa kwenye diskasheni. Tafuta intigrali ya (x² + y²) dA kwenye eneo lililozungukwa na xy = 1, xy = 3, x² − y² = 1 na x² − y² = 4. Wote tumeweka u = xy na v = x² − y², hapo hamna ubishi maana eneo linageuka mstatili, u inatoka 1 mpaka 3 na v inatoka 1 mpaka 4. Derivativu tumechukua, determinanti imetoka −2(x² + y²) kwa kila mtu. Baada ya hapo ndo kila mtu kashika njia yake. Mmoja kazidisha, akaona kwamba (x² + y²)² ni sawa na v² + 4u², akaintigreti vizuri kabisa kapata 292. Mwingine kagawanya kapata 3. Wa tatu kagawanya pia ila minus kaiacha, ana −3. Naomba mnieleweshe, siyo jibu tu, huyu anagawanyaje wakati fomula tuliyopewa inasema zidisha?

Ngosha wa Namba
Dogo hapo ukiona x² + y² tu ujue ni pola, weka r na θ, Jakobiani ni r, unamaliza mapema. Mnajitesa na u na v za nini?

Kijana wa Dabo Intigrali
Mkuu nilifikiria hivyo ila mipaka nikaiandikaje?

Mwl. Zena
Ngosha hiyo inafanya kazi eneo likiwa la duara au kipande cha duara. Hapa ukienda pola, xy = 1 inakuwa r² sin 2θ = 2, na x² − y² = 4 inakuwa r² cos 2θ = 4, kwa hiyo kila mpaka una r na θ zimeshikana na itabidi ulikate eneo vipande ndo uintigreti. Angalia mipaka kwanza ndo uangalie fankisheni. Mipaka hapa imeshakwambia yenyewe u ni nini na v ni nini.

Babu Kalkulasi
Sheria ni moja na haina mjadala: unazidisha kwa modulus ya Jakobiani. Kwa hiyo −3 imetoka nje, eneo halina hasi. Ila huwezi kuzidisha kabla hujaitoa x na y zikiwa peke yao kwa u na v. Kaeni mzitoe kwanza, ndo mchukue derivativu. Hamna njia ya mkato.

Mwl. Zena
Babu nakubaliana na wewe kwenye sheria na kwenye minus, ila siyo kwenye kuitoa x. Ukiitoa utapata x² = (v + √(v² + 4u²))/2, chukua tena mzizi wake, halafu anza kutafuta derivativu za hilo dude, mtihani utaisha uko kwenye mstari wa pili. Sheria inataka Jakobiani ya x, y kwa u, v. Wenzetu wametafuta ya u, v kwa x, y. Hizo mbili ukizizidisha zinatoa 1, kwa hiyo ukiwa na moja unayo na ya pili, unaigeuza tu. Ndo maana wa kugawanya yuko sawa, na akigawanya bado ameifuata sheria ya kuzidisha.

Kijana chukua nukta moja ya ndani ya eneo uone kwa namba, mfano x = 2, y = 1, hapo u = 2 na v = 3. Chora kimraba kidogo cha 0.1 kwa 0.1, eneo lake 0.01. Ukisogea 0.1 upande wa x, u inaongezeka kama 0.1 na v kama 0.4. Ukisogea 0.1 upande wa y, u inaongezeka 0.2 na v inapungua 0.2. Kile kimraba sasa kwenye u na v ni msambamba, na eneo lake ni modulus ya (0.1)(−0.2) − (0.2)(0.4), yaani 0.1. Kimekua mara 10, na 2(x² + y²) kwenye nukta hiyo ni 10 kweli. Sasa kama du dv ni mara kumi ya dx dy, ukitaka dx dy lazima ugawanye kwa 10. Aliyezidisha amekikuza tena kitu ambacho kimeshakua.

Kwa hiyo dA ni du dv gawanya kwa 2(x² + y²), ile x² + y² ya kwenye swali inakatika na ya chini, inabaki nusu peke yake. Mstatili ni 2 kwa 3, nusu ya 6 ni 3. Na hiyo minus inatokana na mpangilio tu, mngeita u = x² − y² na v = xy ingetoka chanya bila kitu kingine kubadilika.

Kijana wa Dabo Intigrali
Daah nimeelewa sana madam, ile nukta ya (2, 1) imenifungua. Ila mwenye 292 bado anabisha anasema intigrali yake haina kosa.

Mwl. Zena
Intigrali yake haina kosa kweli, ila ni ya kitu kingine. Mwambie atafute kona nne za eneo. Atakuta x inacheza kati ya 1.27 na 2.37, y kati ya 0.49 na 1.59, yaani eneo zima linaingia kwenye boksi lenye ukubwa wa kama 1.21. Na x² + y² hapo ndani haizidi √52, ambayo ni kama 7.21. Zidisha hizo mbili, hata boksi zima likijaa huvuki 9. Sasa 292 imetoka wapi?

Binti wa Tanga
Samahani naingilia, mimi langu ni xy = 1, xy = 4 na mistari y = x, y = 4x, nimeweka v = y/x nikapata determinanti 2y/x. Hapa hakuna x² + y² ya kukatika, nakwama.

Mwl. Zena
Mdogo wangu 2y/x si ndo 2v hiyo? Gawanya kwa 2v uendelee. Kama unatafuta eneo tu utapata (3/2) ln 4. Haihitaji kukatika, inahitaji iandikike kwa u na v.

Babu Kalkulasi
Sawa Mwalimu, ya kugeuza nimeikubali. Ila swali limesema robo ya kwanza? Maana (x, y) na (−x, −y) zinatoa u ileile na v ileile. Kuna kipande kingine kule robo ya tatu.

Kijana wa Dabo Intigrali
Nimeangalia karatasi tena, haijaandikwa popote robo ya kwanza.

Mwl. Zena
Babu hapo umeona mbali. Vipande viko viwili vinavyofanana, na ubadilishaji wa u na v unahesabu kimoja kimoja. Wakitaka vyote jibu ni 6.

Ngosha wa Namba
Wanaosahihisha watakuwa na 3, maswali haya siku zote ni robo ya kwanza.

Babu Kalkulasi
Siku zote huwa wanaandika. Hapa hawajaandika. Mimi ningejibu 6 na kuchora vipande vyote viwili.

Mwl. Zena
Mimi ningeandika 3 kwa kila kipande na kusema wazi nimechukua kipi. Kijana muulize mwalimu wako kabla ya testi.