Shavu la bibi harusi limekuwa kama kitenge: naomba ushauri kabla ya kuchapisha

Taa_ya_Dirishani (mwenye uzi)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninahariri picha ya bibi harusi, kichwa na mabega, yenye pikseli 8256 kwa 5504, na itachapishwa kwenye turubai ya sentimita 90 kwa 60. Mashavu yote mawili yana makovu ya chunusi kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, na mwenyewe ameomba yaondolewe. Nimefanya kazi kwa Healing Brush ya Photoshop siku tatu. Nikiitazama kwa asilimia 100 ngozi ni safi, lakini nikirudi hadi asilimia 25 shavu linakuwa kama kitenge, ua lilelile linajirudia safu kwa safu. Kuna namna ya kuficha marudio hayo bila kuanza upya?

Mama_Vipodozi
Mwanangu, mimi ni mpambaji wa maharusi, na makovu ya namna hiyo huyashughulikia mapema kwa kusawazisha ngozi kabla ya kupaka poda. Bibi harusi wangu wa mwezi uliopita alikuwa na mashavu kama hayo, na mpigapicha hakugusa kitu. Safari ijayo mkae na mpambaji kabla ya siku yenyewe.

Leya_Mbili
Gawa picha iwe leya mbili, ya chini ibebe rangi na vivuli, ya juu ibebe vitundu vya ngozi peke yake. Ukisharekebisha ya chini, marudio yatatoweka, kwa sababu kinachoonekana kujirudia ni madoa ya rangi.

Bi_Retachi
Kaka Leya, kugawa leya kunasaidia rangi zilizochafuka, lakini hakuondoi marudio haya. Ukiwa kwenye leya ya juu bado unanakili vitundu kutoka mahali fulani, na ukivinakili kutoka mahali pamoja, vitajirudia vilevile. Isitoshe, Healing Brush yenyewe tayari huchukua umbile la ngozi kutoka chanzo na kulioanisha na rangi na mwanga wa pale unapopaka, kwa hiyo shaka yangu ni umbile, si rangi.
Mwenye uzi, nijibu mambo mawili. Ngozi ya kuzibia uliichukua wapi, na kisanduku cha Aligned kilikuwa na alama au hakikuwa nayo?

Taa_ya_Dirishani
Nilichukua ngozi nzuri iliyokuwepo, dada. Nadhani tatizo ni ukubwa wa picha.

Bi_Retachi
Ukubwa unalifichua tatizo, hauliletei chanzo. Wapi hasa?

Taa_ya_Dirishani
Sawa, niseme yote. Ngozi safi ilikuwa sehemu moja tu, karibu na sikio la kulia, kipande cha pikseli 300 hivi kila upande. Nilikitumia shavu zima la kulia. Shavu la kushoto halikuwa na ngozi safi ya kutosha, kwa hiyo nikakigeuza kipande hicho kushoto-kulia kwenye Clone Source nikaendelea nacho. Aligned niliizima kwa makusudi, ili brashi isiniponyoke ikaenda kuchukua kovu. Na nimekwisha kuunganisha leya zote. Faili la RAW ninalo, lakini siku tatu ni siku tatu, na mteja anaitaka Ijumaa.

Kinyozi_wa_Picha
Mimi ningeyaacha makovu. Dada yangu alirudishiwa picha ya mahafali ambayo mama yetu hakumtambua, na hadi leo haijatundikwa ukutani. Uso wa mtu ni historia yake.

Taa_ya_Dirishani
Ninakuelewa, kaka, lakini mwenye uso ndiye aliyeomba, na aliomba mbele ya mama yake.

Bi_Retachi
Ahsante kwa kusema. Aligned ikizimwa, kila unapoinua kalamu na kugusa tena, brashi hurudi kuanza kunakili palepale pa mwanzo. Ukigusa mara 80, umebandika mwanzo uleule mara 80. Turubai yako itakuwa na takriban pikseli 92 kwa kila sentimita, kwa hiyo kipande chako ni kama sentimita tatu ukutani, na shavu lenye pikseli 1,400 ni sentimita 15. Jicho litakamata mpangilio huo kabla mtu hajakaribia. Tafuta alama mbili tatu zinazojitambulisha, kwa mfano vitundu viwili vikubwa vilivyokaa pamoja na unywele mmoja mfupi kando yao, uone zinatokea mara ngapi.
Shavu la kulia linaweza kuokolewa. Weka juu leya ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, na nyingine ya Curves yenye mkunjo mkali, kisha tazama kwa asilimia 25, maana hapo marudio hujitokeza wazi. Fungua leya tupu chini ya hizo mbili, weka Sample kwenye Current & Below, washa Aligned, uzibe alama moja moja. Badilisha chanzo kila baada ya mguso mmoja au miwili, na mguso uwe mfupi na uliopinda. Vyanzo virudishe kutoka RAW, hata visehemu vidogo vilivyo katikati ya makovu: vitundu vya karibu na pua ni vikubwa, vya karibu na sikio ni vidogo na vina vinyweleo, kwa hiyo kila eneo lizibwe kwa jirani yake.
Shavu la kushoto sioni njia ila kuanza upya. Mwanga wako unatoka upande gani?

Taa_ya_Dirishani
Dirisha lilikuwa kushoto mwa picha.

Bi_Retachi
Basi ndiyo hivyo. Kila kitundu ni shimo lenye ukingo mmoja wa mwanga na mmoja wa kivuli. Ulipokigeuza, kivuli kikahamia upande usio wake, na shimo likaonekana kama kipele. Healing Brush hulainisha rangi ya jumla, hairekebishi kivuli cha kitundu. Kuzungusha chanzo nyuzi kumi hivi hakuleti shida, kukigeuza kabisa kunaleta.

Mchunguzi
Samahani, uzi huu una harufu ya kutungwa. Shavu la pikseli 1,400 kwenye picha ya harusi? Picha za harusi ni za mwili mzima, uso hauzidi pikseli 600. Nahisi mtu anatafuta wateja wa darasa lake.

Taa_ya_Dirishani
Nimeandika mwanzoni kwamba ni kichwa na mabega. Picha imesimama wima, upana wake ni pikseli 5504, na uso umechukua zaidi ya nusu ya upana huo. Ni picha ya mtu, siwezi kuiweka hapa.

Mchunguzi
Hesabu inakubali. Bado sielewi fundi anayekamilisha kazi ya siku tatu bila kuirudisha hadi asilimia 25 hata mara moja.

Leya_Mbili
Na chembechembe za bandia juu ya leya zote? Mimi huziweka na marudio hupungua.

Bi_Retachi
Hupunguza ulaini wa bandia, kaka, na mimi huziweka mwishoni. Lakini chembe ni pikseli moja au mbili, na marudio yake ni ya pikseli 300. Bwana Taa, kabla ya Ijumaa kata kipande cha pikseli 1900 kwa 2700 chenye shavu, ukichapishe kwenye A4 bila kubadilisha ukubwa. Hicho ndicho turubai itakachoonyesha.

Taa_ya_Dirishani
Nimechapisha. Shavu la kulia, baada ya kuziba alama 31, sioni tena mpangilio nikisimama hatua mbili. La kushoto lina vipele, kama dada alivyosema, na nimelifungua upya kutoka RAW. Chini ya jicho tu ndipo sijapata chanzo: makovu yamebanana, na ngozi ya kipaji imekuwa nyororo mno pale. Aliyewahi kupita hapo anieleze alichukua wapi.