Tarehe kwenye kichwa cha barua pepe: 05/09/2025, mwezi wa tisa au 5 Septemba?

KaraniMpya: Habari zenu. Mwaliko wa kikao kimoja umeandikwa na watu watatu, kila mtu kwa mtindo wake:

"Kikao cha bajeti Ijumaa 05/09/2025"
"YAH: KIKAO CHA BAJETI TAREHE 5 MWEZI WA TISA"
"Kikao cha bajeti: Ijumaa, 5 Septemba 2025"

Nataka tufuate mmoja. Upi?

Jalada: Wa kwanza unatosha, maana siku imetajwa. Anayesoma mwezi kwanza akiangalia kalenda ataona siku haiendani, atajua kakosea.

BiMhariri: Kwa tarehe nyingi ni kweli, kwa hii umenaswa. 5 Septemba 2025 ni Ijumaa, na 9 Mei 2025 nayo ni Ijumaa. Zimepishana wiki 17 kamili, kwa hiyo kila mwaka huangukia siku moja. Mtu aliyezoea kutanguliza mwezi akipokea mwaliko huo Aprili, haoni dosari yoyote. Atakuja na bajeti yake miezi minne kabla!

Andika jina la mwezi, herufi ya kwanza kubwa: 5 Septemba 2025. "Mwezi wa tisa" tunasema vizuri tu kwenye mazungumzo, ila anayetafuta "Septemba" kwenye kikasha hataipata barua hiyo.

Jalada: Hiyo ya wiki 17 sikuijua. Nimehesabu, ni kweli.

MzeeWaFaili: Na YAH je? Mimi bila YAH naona barua haina adabu.

BiMhariri: Kwenye barua ya karatasi iache, mzee wangu, ndipo mahali pake. Kwenye barua pepe kisanduku chenyewe ndicho kinachosema hapa ni mada. Simu nayo hukata vichwa virefu, na kinachokatwa ni mkiani, ambako ndiko tarehe iliko.

MzeeWaFaili: Basi nitaishusha ndani, juu ya aya ya kwanza. Kuifuta siifuti.

Tumaini_K: Sisi tulikwama kwenye Desemba. Nilitafuta "Desemba" nikapata ripoti mbili. Ya tatu mwenzangu aliiandika "Disemba". Ipi sahihi?

BiMhariri: Mimi huandika Desemba, na kwa ufupi Des. Disemba utaiona kila mahali, sitagombana na mtu. Chagueni moja, mwenye kiolezo aisimamie. "Augusti" ndiyo nafuta bila kuuliza: ni Agosti.

Pwani_Usiku: Mimi huandika saa 3:00 asubuhi, wengine wanaelewa usiku wa manane. Hilo nalo linahusu?

Jalada: Hilo ni la saa, ndugu, si la tarehe. Ila nami limenichosha.

KaraniMpya: Nimeshabadilisha kiolezo: "Kikao cha bajeti: Ijumaa, 5 Septemba 2025". Faili la kiambatisho nimeliita 2025-09-05-bajeti ili yajipange yenyewe. Desemba na Disemba bado tunabishana.