Ajali ilitokea kabla ya 31 Desemba, kesi bado haijafunguliwa: deni liandikwe?

Muuliza swali: Novemba lori letu liligonga ghala la mfanyabiashara. Januari wakili wake ametuandikia akidai shilingi milioni 480, ila kesi hajafungua. Mwaka wetu uliishia 31 Desemba, hesabu hazijasainiwa. Mkurugenzi anasema tukiandika deni tumekiri kosa. Mkaguzi anataka liandikwe. Nani yuko sahihi?

Mkaguzi, Dar es Salaam: IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu madeni yasiyo na uhakika kama hili, haiulizi kesi imefunguliwa lini. Inauliza wajibu umetokana na nini, na hapa umetokana na ajali ya Novemba. Barua ya Januari ni ushahidi uliochelewa kufika, basi. Chukueni ripoti ya trafiki, maelezo ya dereva na maoni ya wakili wenu, kisha mjiulize: uwezekano wa kulipa umezidi ule wa kutolipa? Ukizidi, na kiasi kinakadirika, mnatenga, yaani mnaandika kadirio hilo kama deni. Usipozidi, mizania haiguswi. Mnaeleza suala hilo kwenye maelezo ya hesabu. Ukiwa mdogo mno, hata maelezo hayahitajiki.

Muuliza swali: Wakili wetu anaona tutashindwa kwa asilimia 70. Ila anasema 480 haifikiki, maana mali iliyoharibika na ukuta havizidi milioni 180.

Mhasibu, Mwanza: Basi hesabu ni fupi. Asilimia 70 ya 480 ni milioni 336. Andika hiyo.

Mkaguzi, Dar es Salaam: Hapana, mkuu. Ile 70 imeshamaliza kazi yake pale ilipovuka nusu. Kuzidisha kwa uwezekano kunafaa ukiwa na madai mengi yanayofanana, mfano waranti za friji elfu tano. Kesi ni moja, na hakuna tokeo lolote ambalo kampuni italipa 336. Chukua tokeo linaloelekea kutokea zaidi, yaani 180: debiti gharama za fidia, krediti tengo la madai. Halafu mwulize wakili kama matokeo mengine yaliyobaki mengi yako juu ya 180. Yakiwa juu, kadirio lipande kidogo. Na mkipatana Machi kwa milioni 165 kabla ya kusaini, hesabu za Desemba zinabeba 165.

Mhasibu, Mwanza: Kuhusu kuzidisha nimekuelewa. Lakini lori lina bima. Bima ikilipa 120, si wanaandika 60 tu?

Mkaguzi, Dar es Salaam: Kwenye mizania, hapana. Deni kwa mwenye ghala linabaki 180, kwa sababu bima isipolipa bado wao ndio wanaodaiwa. Ile 120 ni mali inayosimama peke yake, na inaandikwa pale tu malipo yanapokuwa karibu hayana shaka, kwa mfano bima imeshakubali dai kwa maandishi. Ikiwa bado inachunguza kama leseni ya dereva ilikuwa hai, msiandike kitu. Kwenye gharama za mwaka ndiko mnakoruhusiwa kuonyesha 60.

Mwenye duka, Mombasa: Na mimi nimemshtaki mteja aliyekataa kunilipa hasara. Wakili ananipa asilimia 80. Niandike mapato?

Mkaguzi, Dar es Salaam: Hilo ni jambo lingine, kaka. Wewe unadai, hudaiwi. Kwa anayetarajia kupata, asilimia 80 inatosha kuelezwa tu; mapato yanasubiri hadi yawe karibu ya hakika.

Wakili, Arusha: Hofu ya mkurugenzi msiipuuze. Wakili wa mwenye ghala akiiona 180 kwenye hesabu, mazungumzo hayatashuka chini ya hapo tena.

Mkaguzi, Dar es Salaam: Hatari ipo, na IAS 37 inaitambua. Katika mazingira ya nadra sana unaruhusiwa kuficha undani, mradi useme aina ya mgogoro na sababu ya kunyamaza. Lakini unachoficha ni maelezo. Kiasi kinabaki ndani ya hesabu, kikijumlishwa na matengo mengine ya madai.

Wakili, Arusha: Kampuni ndogo ina tengo moja tu. Utalijumlisha na nini?

Mkaguzi, Dar es Salaam: Kwa kampuni hiyo ulinzi ni mwembamba, nakubali. Ila nanyi mawakili mnachangia. Tunawaandikia kuuliza, mnajibu "tunaamini utetezi wetu ni mzuri". Sentensi hiyo hainiambii kama tumevuka nusu wala kiasi. Nikibaki nayo peke yake, nitarudi kwenye ripoti ya trafiki na kuamua bila nyinyi.

Wakili, Arusha: Nikiandika asilimia 70 na barua ikavuja, nimemuuza mteja wangu. Naweza kukaa nawe na mteja mezani nikakueleza kwa mdomo, ila kwa maandishi sitakupa namba.

Mkaguzi, Dar es Salaam: Kikao nakikubali, lakini nitaandika muhtasari na mteja atausaini. Bila hivyo sina ushahidi kwenye faili.

Wakili, Arusha: Muhtasari huo nao unaweza kuvuja.