Naombeni ushauri: rafiki yangu sukari imeshuka na hana kisukari

Kibatari (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Nina rafiki yangu, miaka 36, mzima kabisa, hana kisukari wala presha. Jumamosi iliyopita saa 1 asubuhi mkewe alimkuta amelowa jasho mpaka shuka unaweza kulikamua, mikono inatetemeka, kila anachoulizwa anajibu "ndiyo". Alivaa shati ndani nje, akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki aliyoiuza mwaka jana. Mama mkwe ana mashine ya kupima sukari, wakampima: 2.3. Wakampa soda, akarudi kwenye akili zake. Usiku wake alikuwa amekunywa kidogo kwenye sendofu.
Maswali mawili. Je, huu ni mwanzo wa kisukari? Na Jumamosi hii kuna harusi, anaweza kunywa akiwa na glukosi ya unga mfukoni? Ameshanunua pakiti.

Mama Kulwa
Pole yake. Mama yangu naye ilimshuka, daktari akampunguzia dozi ya dawa zake za sukari. Mwambie arudi kliniki apunguziwe dozi.

Kibatari
Dada yangu, nimesema hana kisukari. Dozi ipi sasa?

Babu wa Gatini
Huyo alikosa supu tu. Supu ya utumbo na pilipili, hata mashine ya mama mkwe ingekaa kimya.

Nesi wa Zamu
Babu, supu ina chumvi na mafuta, haina sukari ya kumwamsha mtu mwenye 2.3.
Mleta mada, nijibu mambo mawili. Alikula mara ya mwisho lini? Na "kidogo" ni chupa gani, ya ukubwa gani?

Kibatari
Kidogo cha kawaida. Na chakula kilikuwepo ukumbini.

Nesi wa Zamu
Kuwepo ukumbini si kuwepo tumboni. Saa na siku, tafadhali.

Kibatari
Sawa. Kabla ya sendofu alikuwa hajala tangu Jumatano saa 2 usiku. Kanisani tuna mfungo wa siku tatu kila mwezi, maji tu. Ijumaa usiku alikuwa ndani ya mfungo. Ndiyo maana hakula ukumbini, asionekane amevunja. Alikunywa kibapa kimoja, mililita 250, kuanzia saa 3 hadi saa 6, na bia mbili za nusu lita za kusindikizia.

Shemasi Mstaafu
Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu yamekosea. Amekataa wali kwa sababu ya mfungo, akakubali kibapa? Ndugu yangu, hapo tatizo si sukari.

Babu wa Gatini
Maji tu, si ndiyo? Kibapa nacho ni majimaji.

Mwana Kemia
Tuwe makini. Pombe inasukuma kongosho litoe insulini nyingi, insulini inafagia sukari yote. Ndiyo maana imeshuka. Dawa yake ni kuacha kuchanganya na soda.

Nesi wa Zamu
Mwana Kemia, hilo lipo, lakini si la huyu. Ukinywa pombe kali iliyochanganywa na soda tamu tumbo likiwa tupu, insulini inaweza kupanda kupita kiasi na sukari ikaporomoka baada ya saa mbili tatu hivi. Huyu alianza saa 3 usiku, ikamkuta saa 1 asubuhi. Njia yake ni nyingine.

Ini lina akiba ya sukari, kama gramu 100 kwa mtu aliyekula vizuri. Ubongo peke yake unatumia karibu gramu 5 kwa saa. Fanya hesabu: Alhamisi usiku akiba ya huyu bwana ilikuwa imekwisha au inakaribia kwisha. Kuanzia hapo ini linaunda sukari mpya kutoka kwenye vipande vya protini, mafuta na taka za misuli. Kazi hiyo inamtosha mtu mzima, ndiyo maana watu wanafunga siku tatu na hawaanguki.

Sasa ikaingia pombe. Ini haliwezi kuiweka foleni, linaanza nayo. Na kuivunja kunatumia kemikali ileile inayohitajika kuunda sukari mpya. Kiwanda kinasimama mpaka pombe iishe. Akiba hakuna, kiwanda kimefungwa, ubongo unaendelea kula. Angekula sahani ya wali saa 2 usiku, pombe ileile isingemfikisha 2.3.

Kibatari
Nimekuelewa nesi, na ninashukuru. Kwa hiyo kosa ni pombe kali. Harusi ya Jumamosi anywe bia tu, nne tano, na kila saa alambe kijiko cha glukosi. Mfungo hawezi kuacha, ameweka nadhiri. Na harusini hawezi kukaa na glasi ya maji, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati.

Nesi wa Zamu
Kibapa cha mililita 250 chenye asilimia 35 kina pombe halisi kama gramu 70. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20. Bia tano ni gramu 100, kwa hiyo umemtoa kwenye kibapa ukampeleka mbali zaidi.

Usiku ule alikuwa na gramu 110 jumla. Ini la kawaida linamaliza gramu 7 hadi 10 kwa saa, yaani saa 11 mpaka 16. Alianza saa 3 usiku, kwa hiyo kiwanda kingefunguka kati ya saa 2 asubuhi na saa 7 mchana. Saa 1 asubuhi kilikuwa kimefungwa bado. Na glukosi ya kulamba inakaa dakika chache, haifungui kiwanda. Akishalala, nani atamlambisha saa 10 alfajiri?

Swali lingine: baada ya ile soda, alikula?

Kibatari
Hakula. Mashine ilisoma 4.1 baada ya dakika 20, tukaona imeisha. Saa 4 jasho likarudi, 2.9. Ndipo mke akapika uji.

Zuio la Chai
Nilikuwa nasoma kimya, lakini hii chai mnainywa bila vitafunwa. Kwanza ni "rafiki", sasa "tukaona imeisha". Mtu ana 2.3 anatembea kutafuta ufunguo? Angekuwa sakafuni. Amekunywa soda, sukari imepanda, halafu inashuka tena yenyewe? Na kila nyumba siku hizi ina mashine ya sukari. Mleta mada anatunga, nesi anamjazia.

Babu wa Gatini
Mimi nilijua pale kwenye pikipiki. Mtunzi hodari.

Fundi wa Maabara
Zuio, kuhusu namba ngoja nikusaidie. 2.3 haimlazimu mtu kuzirai. Mmoja anaanguka, mwingine anatembea na kuongea ovyo, hasa ikiwa imeshuka polepole usiku kucha. Hiyo ya pikipiki iliyouzwa ndiyo sura yake hasa.

Mimi ninayoitilia shaka ni ile 4.1. Mtu ameshika soda kwa mkono unaotetemeka, inamwagikia vidoleni, halafu unamtoboa kidole hichohicho. Mashine inapima damu pamoja na soda. Anawishwe kwa maji, akaushwe, tone la kwanza lifutwe, lipimwe la pili. Na vijiti vya kupimia vikikaa kwenye kopo lililo wazi vinavuta unyevu, hapo namba yoyote inatoka.

Nesi wa Zamu
Na kushuka tena ndiko tunakokuona wodini. Soda imempa sukari ya muda, kiwanda bado kimefungwa, hakula chochote kizito. Utaratibu ni huu: akiwa anameza vizuri, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu glasi, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima, rudia ikiwa bado chini ya 4. Halafu chakula hasa, uji mzito, ugali au ndizi, na apimwe tena kila baada ya saa moja au mbili mpaka mchana.

Akiwa anakoroma, haamki, usimmwagie soda mdomoni, itaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali, na useme mlangoni kabisa: "Hajala tangu Jumatano na amekunywa." Ukinyamaza, harufu ya pombe itamfanya alazwe pembeni kama mlevi anayesubiri kuzinduka. Mlevi wa kawaida anazidi kuchangamka kadiri saa zinavyokwenda. Anayezidi kuchanganyikiwa asubuhi, ana jasho la baridi, apimwe sukari. Ile sindano ya glukagoni nayo humsaidia kidogo au haimsaidii kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kukamua akiba ambayo haipo. Anahitaji dripu ya glukosi, na thiamini pamoja nayo kama ni mnywaji wa siku nyingi asiyekula vizuri.

Kibatari
Zuio, ni mimi. Umeridhika? Nilificha kwa sababu ya mfungo, si kwa sababu natunga.

Shemasi Mstaafu
Nilijua. Njoo inbox tuzungumze habari ya hiyo nadhiri.

Zuio la Chai
Sawa mkuu, yaishe. Lakini nijibu moja bila kutunga. Mama mkwe ana mashine, maana yake ana kisukari. Ana dawa. Dawa zake zinakaa wapi?

Kibatari
Kwenye kabati la jikoni, kopo moja na panado zetu. Kwa nini?

Nesi wa Zamu
Zuio umeniwahi, na nilipaswa kuuliza mwanzo. Kibatari, uliporudi usiku ule ulimeza chochote?

Kibatari
Panado mbili za kichwa. Umeme ulikuwa umekatika, nilipapasa tu.

Nesi wa Zamu
Panado nazo juu ya pombe na tumbo tupu usizizoee. Ila jikoni sasa hivi kaangalie kama mama mkwe anatumia glibenklamidi. Ni kidonge kinachoshusha sukari hata kwa asiye na kisukari, na kinaweza kuishusha tena na tena kwa siku nzima au zaidi. Mwaka 2008 kule Singapoo watu wasio na kisukari walilazwa kwa wingi na wengine walikufa, kumbe dawa za nguvu za kiume walizonunua mitaani zilichanganywa nayo. Kwa hatari ya Jumamosi iliyopita umeshavuka. Lakini kama ulimeza hiyo, hesabu yangu yote ya kiwanda ni nusu ya habari.

Mwana Kemia
Ndiyo insulini niliyoisema. Glibenklamidi inakamua kongosho.

Nesi wa Zamu
Kwa hilo umepata, Mwana Kemia. Kibatari, hesabu vidonge. Na ikija kukutokea siku hujanywa wala kumeza kitu, usije hapa, nenda ukachunguzwe.

Kibatari
Nimerudi. Ni glibenklamidi kweli, vyeupe. Vimebaki 19. Mama mkwe anasema alipewa 60, anameza kimoja asubuhi, na hakumbuki alianza tarehe ngapi.

Fundi wa Maabara
Kadi yake ya kliniki ina tarehe. Ukurasa wa nyuma.

Kibatari
Kadi iko kwa shemeji, ndiye anayempeleka kliniki. Nimempigia, hapokei. Atakuwepo harusini Jumamosi.