Mrejesho: Kutoka shule ya serikali kwenda binafsi, pensheni inakuwaje?

Niliuliza: "Nina miaka 11 serikalini, nahamia shule binafsi hapa Moshi. Michango yangu ya PSSSF inapotea?"

Haipotei. Inabaki PSSSF kwa jina langu, na mwajiri mpya anaanza kunichangia NSSF. Pensheni inahitaji miezi 180 ya michango. Mimi ninayo 132, imebaki 48, na vipindi vya mifuko yote miwili hujumlishwa ili kuifikisha.

Kitakachokushtua ni hati ya mshahara. Serikalini nilikatwa asilimia 5, mwajiri akaweka 15. NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10. Kwa mshahara wa 900,000 bila posho, makato yanapanda kutoka 45,000 hadi 90,000. Si wizi wa mhasibu, jamani.

Wizi hasa ni kukatwa bila pesa kupelekwa. Hati itaonyesha makato, lakini taarifa ya michango ya NSSF itaruka miezi. Linganisha hizo mbili mara kwa mara, mwezi kwa mwezi. Kabla ya kuondoka, chukua taarifa ya PSSSF na barua ya ajira ya kwanza, na hakikisha majina yanafanana na ya NIDA.