Mafuta tunakatwa ushuru, halafu VAT juu ya ushuru huohuo. Huu si wizi?

MzeeWaPampu: Nimechoka kunyamaza. Bei ya mafuta kwenye soko la dunia imeanguka karibu nusu, ya pampuni imeteremka kiduchu. Nikapekua mchanganuo wa bei, nikakuta ushuru wa bidhaa, na VAT inapigwa baada ya ushuru kuongezwa. Kodi juu ya kodi! Kama VAT inagusa karibu kila kitu, ushuru wa mafuta, bia na sigara ni wa nini tena?

Kibarua77: Ndugu yangu, wanakamata vitu ambavyo watu hawaviachi hata vikipanda bei. Vyote ni asilimia ya bei, wamebadilisha jina tu.

MamaHesabu: Kibarua, la watu kutoacha umepatia, la asilimia hapana. Ushuru wa mafuta kwa kawaida ni kiasi maalumu kwa kila lita. Tuseme mafuta yenyewe ni 60, ushuru 40, VAT asilimia 20. VAT inakuwa 20, unalipa 120. Mafuta yakishuka hadi 30, ushuru unabaki 40 uleule, VAT inakuwa 14, unalipa 84. Gharama imeanguka nusu, bei ya pampuni asilimia 30 tu. Mzee, ndicho kilichokukuta.

Na ni makusudi. Lita moja inatoa moshi uleule, iwe ghali au rahisi, kwa hiyo wanatoza lita. Pombe kali nayo nchi nyingi huitoza kwa kiasi cha kilevi kilichomo, sigara kwa idadi, ili mvutaji asikimbilie tu pakiti ya bei rahisi. VAT haina ugomvi na unachonunua, inafuata thamani. Ila ushuru wa kiasi maalumu una ugonjwa wake: usiporekebishwa, mfumuko wa bei unaula kimyakimya.

DerevaLori: Mimi nimesajiliwa VAT, nadai ninayolipa kwenye vipuri. Mbona ushuru wa dizeli siurudishiwi?

MamaHesabu: VAT inalenga mlaji wa mwisho, ndiyo maana wafanyabiashara wa katikati wanarudishiwa. Ushuru hulipwa mara moja, kiwandani au mafuta yanapotoka bohari, ukabaki ndani ya bei. Lori lako linasaga barabara hata kama wewe si mlaji wa mwisho.

Shambani_Kwetu: Na pampu yangu ya kumwagilia inasaga barabara gani?

MamaHesabu: Hapo umenibana. Baadhi ya nchi huwarudishia wakulima, au hutia rangi dizeli ya shambani na kuitoza kidogo. Tatizo ni kwamba dizeli hiyo huishia kwenye malori.

DerevaLori: Usiniangalie mimi.

MzeeWaPampu: Sawa, ushuru kwa lita nimeelewa. Lakini VAT juu ya ushuru? Ile 40 ina thamani gani iliyoongezwa?

MamaHesabu: Sheria inahesabu bei yote anayolipa mnunuzi, ushuru ukiwemo. Ukitolewa, serikali inaweza kuupandisha ushuru wenyewe na ukalipa 120 ileile.

MzeeWaPampu: Wapandishe, angalau nitaona wanachonikata.