Tupeane uzoefu: fomu ya bure ya kujiandikisha iliyopitiliza nafasi

Kizaazaa
Leo kwenye grupu la mtaa wametangaza upimaji wa macho bure, nafasi 40, linki ya Google Forms hiyo hapo. Nikacheka peke yangu. Hiyo 40 ipo kwenye tangazo, fomu yenyewe haina habari nayo. Yaliyowakuta tafadhali.

Mama Nuru
Haina habari kabisa 😂

Konda Mstaafu
Sisi ilikuwa safari ya Bagamoyo ya vijana wa kanisani, nauli kalipa mfadhili, Kosta ya watu 28. Katibu akasema atalala, akiamka atazima Accepting responses. Usiku linki ikarukia magrupu ya parokia nyingine. Alfajiri pale Mwenge watu wamefurika na vikapu, kila mmoja anaonyesha simu: jibu lako limepokelewa. Mama mmoja kaja na mkeka, chupa ya chai na wajukuu watatu, wote kawajaza kwa simu yake. Katibu anasoma majina, hakuna anayemsikiliza. Mama akapanda, akatandika mkeka katikati ya viti, akamimina chai.

Salome wa Juu
Uwii! Alishuka?

Fundi Taratibu
Poleni. Dawa yake ipo na haina gharama. Fungua fomu, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ingia Apps Script, futa yaliyomo, bandika hii:

```
function fungaFomu() {
  const fomu = FormApp.getActiveForm();
  if (fomu.getResponses().length >= 40) {
    fomu.setCustomClosedFormMessage('Nafasi zimejaa.');
    fomu.setAcceptingResponses(false);
  }
}
```

Hifadhi. Sasa usiondoke, maana hapa ndipo wengi wanaachia: kushoto kuna alama ya saa, Triggers. Bonyeza Add Trigger, chagua fungaFomu, na kwenye aina ya tukio weka On form submit. Bila hiyo skripti italala tu, fomu ijae hadi kesho. Itakuomba ruhusa na kukutisha kwamba programu haijathibitishwa. Ni ya kwako mwenyewe, pita kwenye Advanced.

Babu Kompyuta
Vijana mnapenda kujitesa. Acha fomu wazi, chukua 40 wa kwanza, wengine watumie ujumbe wa pole.

Mama Nuru
Babu, huo ujumbe wa pole utamtumia nani, kama fomu haikuuliza namba ya simu?

Babu Kompyuta
Si uulize namba! Na kuwahi kwenyewe si haki, mwenye bando ndiye anayepona kila siku. Bora kura.

Salome wa Juu
Kura tena? Haya, tumeanza. Konda, mama alishuka au hakushuka?

Pwani Tupu
Fundi, nimebandika, inaniletea `Cannot read properties of null (reading 'getResponses')`. Mimi nataka ijifunge saa 12 jioni.

Fundi Taratibu
Umebandika kwenye Sheets, yale majibu yanakoangukia. Huko getActiveForm haioni fomu yoyote. Rudi kwenye fomu yenyewe. Na hii inahesabu watu. Ya saa ni trigger nyingine, ya Time-driven, na lile sharti la 40 unalitoa.

Hesabu Kali
Ongezeni hili. Ukumbi wetu viti 60, skripti ipo, tukapata 62. Trigger inaamka baada ya mtu kutuma, na inachukua sekunde kadhaa. Linki ikirushwa kwenye grupu kubwa wanatuma kwa mkupuo, wawili watatu wanapenya kabla mlango haujafungwa. Siku hizi naandika 57. Aliyekuwa bado anajaza wakati inafungwa, akituma anagonga mwamba, na huyo ndiye atakayekupigia kelele.

Halafu majaribio yenu. Ukifuta mistari kule Sheets, fomu bado inayahesabu majibu hayo. Yafute ndani ya fomu, kwenye Responses. Na ikishajifunga, ukifuta jibu haijifungui yenyewe.

Mama Nuru
Na wanaojaza mara tatu tatu?

Kizaazaa
Si kuna Limit to 1 response.

Hesabu Kali
Ipo, lakini inamlazimisha mtu aingie na akaunti ya Google. Wazee wetu nenosiri lake aliliweka kijana wa duka la simu, wataishia mlangoni. Mimi naiacha, nakagua namba za simu kwa macho.

Babu Kompyuta
Kwa macho! Halafu mimi ndiye wa kizamani.

Pwani Tupu
Imekubali! Sasa nikitoa kopi ya fomu kwa safari ijayo?

Fundi Taratibu
Skripti inakwenda na kopi, trigger haiendi. Iweke upya kila mara, kisha jaribu kwa kuandika 2 badala ya 40, uone kama jibu la pili linaifunga.

Salome wa Juu
KONDA.

Konda Mstaafu
Nilikuwa kazini jamani. Hakushuka. Alishuka katibu.